Shairi la arusi si mtumba

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ndo msije mkasema nawarushia wenzangu mawe nikiwa nimejificha nyuma ya ukuta.

Mimi natunga mashairi ya arusi. Nimekulia Shella, hapahapa Malindi, na kazi hii nimeianza nikiwa bado nahesabu mizani kwa vidole chini ya dawati. Mtu ananipigia, ananiambia binti yao anaolewa, namtungia beti kumi, shangazi anasoma usiku wa kupamba, wanawake wanapiga vigelegele, mimi napata changu. Kazi ya halali kabisa.

Sasa, Disemba moja nikapata kazi mbili wiki moja. Ya kwanza ilikuwa ya Malindi, na nilipewa wiki mbili nzima. Nilikaa na mamake bi arusi, nikauliza, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Likatoka shairi ambalo mpaka leo silionei haya. Ya pili ikaja Alhamisi jioni. Mama mmoja wa Mnarani, Kilifi, arusi Jumamosi. "Mwanangu, najua nimechelewa, lakini nifanyie hisani." Akatuma pesa zote palepale, hata sijamtajia bei mara mbili.

Nikafanya mnachokijua. Nikachukua lile la Malindi, nikatoa jina la bi arusi wa kwanza, nikatia la wa pili. Majina yote mawili yalikuwa na silabi tatu, yakaingia kama funguo kwenye kitasa chake. Wallahi nilidhani ni bahati yangu.

Ubeti wa sita wa lile shairi ulikuwa unamshukuru babake bi arusi, anayemtoa binti yake leo kwa mkono wake mwenyewe. Bi arusi wa Mnarani babake alifariki yeye akiwa darasa la nne. Shangazi mtu alisoma mpaka pale, akanyamaza katikati ya mstari. Ukumbi mzima ukanyamaza naye. Mimi sikuwepo, nimehadithiwa na msichana wa ukoo wao ambaye, na hii ndo nzuri zaidi, siku mbili nyuma alikuwa kwenye ile arusi ya Malindi na alilisikia shairi lilelile.

Mamake alinipigia kesho yake. Hakunitukana. Aliniambia, "Mwanangu, ungeniuliza tu."

Nilimrudishia pesa zake. Hakunijibu, na sikutarajia anijibu.

Basi hapo ndipo nilipotoka. Na ninavyoona miaka hii miwili, nilichokifanya mimi usiku mmoja kwa haraka, wenzangu wengi sa hii wamekigeuza duka. Wana faili moja kwenye simu. Lina ua waridi, lina mwezi wa kumi na nne, lina lulu ya bahari, lina mama aliyezaa na baba aliyelea, na lina nafasi wazi ya kutia jina. Ukiagiza leo, unaletewa kesho. Wanaita utunzi. Mimi naita mtumba. Na hata mtumba una adabu, manake ukienda sokoni kuchagua nguo, mwenye meza hakwambii kwamba umeshonewa wewe.

Ngoja niwajibu mapema wale wanaokuja na hoja ya nyimbo. Najua mtasema: mbona nyimbo za Zein l'Abdin na za Juma Bhalo zinaimbwa arusi hii na arusi ile miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyelia? Mbona kina mama wakipiga vugo nyimbo ni zilezile, wanachomeka tu jina la bi arusi wa leo?

Sawa kabisa, na hakuna ubaya wowote. Wimbo wa vugo ni mali ya wote, kila aliye pale ukumbini anaujua kabla haujaanza, na raha yake ni hiyo ya kuupokea pamoja. Jina likichomekwa linachomekwa hadharani. Bendi ya taarabu nayo ukiikodi, umekodi nyimbo zinazojulikana, tena pengine ndo sababu umeikodi. Hakuna aliyekwambia kwamba wimbo ule ulitungwa kwa ajili ya binti yako. Kosa si kurudia. Kosa ni kupokea pesa ya kitu kipya, ukatoa cha zamani, ukanyamaza.

Na mtajuaje kama mmeuziwa cha zamani? Kuna dalili, na ya kwanza iko kwenye mizani.

Mnakumbuka shuleni. Shairi letu la arusi la kawaida ni lile la mistari minne kila ubeti. Kila mstari una vipande viwili, kila kipande mizani nane, jumla kumi na sita. Kina cha kati kinakwenda na wenzake, cha mwisho na wenzake. Mlikuwa mnalalamika kwamba haya yatawasaidia nini maishani. Basi leo yanawasaidia kutoibiwa.

Chukua kipande kama hiki cha duka, nimekitunga mwenyewe kwa mfano: "Rehema nyota ya kwetu." Hesabu: Re-he-ma, tatu. Nyo-ta, tano. Ya, sita. Kwe-tu, nane. Kimekaa. Sasa mtunzi anauza tena, bi arusi wa leo anaitwa Khadija. Kha-di-ja, tatu, kimekaa vilevile, hakuna atakayeshtuka. Lakini kesho kutwa anakuja bi arusi wa Kigiriama anaitwa Sidi. "Sidi nyota ya kwetu" ni mizani saba. Msomaji akifika pale anakosa kitu cha kukanyaga, inabidi avute, "Siiidi," kama mtu anayemwita mtoto ng'ambo ya mto. Wiki ijayo ni Mwanakombo. "Mwanakombo nyota ya kwetu" ni tisa, na hapo msomaji anameza silabi moja, jina la bi arusi mwenyewe linatafunwa mbele za watu.

Kwa hiyo sikilizeni jina. Ukisikia kila mstari unateleza vizuri, halafu ukifika kwenye jina tu ndo msomaji anajikwaa, jueni jina hilo limehamia pale jana. Mtunzi aliyetunga kwa ajili ya Sidi alijua tangu mwanzo kwamba ana silabi mbili mkononi, akapanga sita zilizobaki kulizunguka. Angesema "Sidi ndiye nyota yetu," nane kamili, na Sidi angesikika kama Sidi.

Dalili ya pili ni nyepesi zaidi, haihitaji vidole. Futa jina. Chukua shairi, ondoa jina la bi arusi na la bwana arusi, halafu msomee mtu wa nyumbani ambaye hajaambiwa ni la nani. Kama atasema "huyu ni fulani," mmepata mlichokilipia. Kama atasema "tamu," basi limeisha hapo, ni tamu tu, na linaweza kuwa la mtu yeyote kutoka Mambrui mpaka Mtwapa.

Niwape mfano. Tuseme bi arusi ni huyohuyo Rehema wetu wa mfano. Amelelewa na nyanyake, na nyanya alikuwa anauza mahamri na mbaazi asubuhi, na pesa hizo ndo zilizomsomesha. Mtunzi wa duka hayajui haya kwa sababu hakuuliza. Mtunzi aliyeuliza anaweza kuandika hivi:

Jogoo kabla kuwika, nyanya yu macho jikoni,
Na unga ukaumuka, mbaazi zimo chunguni,
Shilingi alizoweka, zikakutia chuoni,
Leo Rehema watoka, dua yake i kichwani.

Si ubeti wa kuingia vitabuni, najua. Lakini hebu jaribu kuuuza tena. Toa Rehema, tia Khadija. Jina linaingia, mizani iko sawa, vina viko sawa, na bado huwezi kuuuza, manake kuna nyanya pale ndani na kuna chungu cha mbaazi, na nyanya wa Khadija pengine alikuwa mwalimu wa chuo huko Takaungu ambaye hajawahi kuuza hata kitumbua. Ubeti wenyewe unakataa kuhama. Hiyo ndo kazi mliyoagiza. Hapo ndipo pesa ilipokwenda.

Na hili halikuanza na sisi. Mwaka 1858, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa kumuusia mambo ya dini na maisha ya ndoa. Hakuwa ameagizwa na mtu wala hakuwa anatafuta wateja. Alikuwa mama anayesema na mtoto mmoja. Unaweza kubishana na mawaidha yaliyomo, na wengi wa rika letu wanabishana nayo, lakini huwezi kusema hujui mama yule alikuwa anasema na nani. Zaidi ya miaka 160 imepita na bado tunajua utendi ule ulikuwa wa nani. Shairi la duka halifiki hata Jumatatu.

Sasa nije kwa upande ambao wenzangu hawataki kuusikia: sheria. Mimi si wakili, lakini kusoma najua, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina kifungu cha 31 ambacho kila anayetunga kwa kuagizwa angekibandika juu ya kitanda. Kwa lugha yetu kinasema hivi: hakimiliki ya kazi huanza kwa aliyeitunga. Lakini kama kazi ile imeagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama nyinyi wawili mmekubaliana vinginevyo.

Soma tena polepole. Mama wa Malindi aliyeniagiza na kunilipa, na hatukukubaliana lolote lingine, lile shairi lilikuwa lake. Mimi nilipolibadilisha jina nikalipeleka Mnarani, sikuwa narudia kazi yangu. Nilikuwa nauza mali ya mtu. Nilikuwa nimewadhulumu kina mama wawili kwa mpigo mmoja, wa kwanza kwa kuchukua kilicho chake, wa pili kwa kumpa kilicho cha mwenziwe.

Na hilohilo linahusu klipu. Kuna mtunzi anatunga, analipwa, halafu anarekodi sauti yake akilisoma, anaweka Yutubu apate watazamaji. Kama hamkukubaliana, huna ruhusa hiyo. Tena kwetu kupamba ni usiku wa wanawake peke yao, watu wamevua mabuibui, simu zenyewe pengine zimekatazwa mlangoni. Shairi lililosomwa mle ndani likitaja jina la binti na habari za nyumbani kwao, si la kurushwa nje ili wewe upate wafuasi. Ukitaka kulitumia baadaye, sema kabla ya kupokea pesa, na liandikwe mahali. Ujumbe mfupi tu: "Shairi ni lenu, ila naomba ruhusa nilisome tena bila majina," au "nabaki na haki ya kulichapisha." Wakikubali, mmemalizana. Wakikataa, nalo ni jibu.

Lakini msidhani nimekuja kuwapaka mafuta wazazi. Kifungu kinachofuata, cha 32, kinageuka na kuwatazama nyinyi. Kinasema hata kama haki nyingine zimehama, mtunzi anabaki na mambo mawili: haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na haki ya kukataa kazi hiyo isipotoshwe kiasi cha kumvunjia heshima. Pesa yenu imenunua shairi. Haijanunua jina langu.

Na hapa pwani jina la mtunzi ndilo la kwanza kupotea. Tazameni kwenye taarabu. Kila mtu mzima Mombasa na Malindi anamjua Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Sauti yake ikipigwa, wazee wanafunga macho. Sasa waulize hao hao ni nani aliyeandika maneno. Baadhi watakwambia nyingi zilitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Wengi watakuangalia tu. Mwimbaji anasimama mbele, anatunzwa noti, anajulikana. Aliyekesha na maneno yuko nyuma ya pazia. Kama kwa mtunzi mkubwa kiasi kile ni hivyo, mimi mtoto wa Shella ni nani?

Kwa hiyo wazazi, shangazi, na wewe rafiki uliyepewa kazi ya kushereheshea: kabla ya kusoma shairi, taja aliyelitunga. Ni sekunde tatu. "Shairi hili limetungwa na fulani kwa ajili ya mwenetu." Na msiongeze beti zenu. Niliwahi kutunga beti nane za bwana arusi wa Kilifi, mjomba mtu akaongeza wa tisa kumsifu mheshimiwa mmoja aliyekuwa amealikwa, vina vimeanguka, mizani imevunjika, na ukasomwa kana kwamba ni wangu. Watu wakaniuliza kama nimeingia kampeni.

Sasa hoja kubwa ya wenzangu, na hii naiheshimu kwa sababu ni ya tumbo. Wanasema: "Wateja wenyewe hawataki kulipa. Wanakuja jana wanataka kesho, wanakupa jina tu na shilingi mia tano, halafu unataka nikakae na nyanya mtu?"

Ni kweli. Wateja wa namna hiyo wapo na ni wengi. Familia inalipa hema, inalipa mpambaji, inalipa piko na hina, inalipa keki ya ngazi tatu, halafu ikifika kwa mtunzi inasema "si maneno tu." Mimi pia nimeambiwa. Lakini jibu la mteja anayelipa kidogo ni kumpa kidogo, si kumdanganya. Mia tano? Mpe ubeti mmoja, lakini uwe wake. Hana muda? Mwambie ukweli: "Kwa siku mbili siwezi kutunga kipya. Nina shairi langu nililolitunga bila kuagizwa na mtu, limeshasomwa kwingine, nikukodishie kwa bei ya chini." Hilo ni lako, hujaibia mtu, na mteja anajua anachochukua. Utashangaa wangapi watasema sawa. Wengine watasema, "Basi tutungie ubeti mmoja mpya tuutie mwanzoni." Nao watakuwa wamepata kitu cha haki.

Yule mama wa Mnarani, ningemwambia hivyo ile Alhamisi, angekubali. Najua angekubali. Alikuwa na haraka, hakuwa na kiburi.

Na kwa kuwa nimesema sana, niseme na ninavyofanya sa hii, mnikosoe.

Sipokei kazi chini ya wiki mbili kabla ya arusi. Napokea nusu ya pesa mwanzo, nusu siku ninayokabidhi. Nusu ya kwanza hairudi nikishaanza kuuliza, manake kuuliza ndo kazi yenyewe, kuandika ni mwisho wake.

Nazungumza na watu wawili, si mmoja. Mmoja ni anayelipa, mara nyingi mama au shangazi. Wa pili ni mtu aliyelala chumba kimoja na bi arusi: dada, binamu, shoga yake. Mama atakwambia binti yake ni mpole. Shoga yake atakwambia alivyokimbia na viatu mkononi kwenye tope la mvua za Aprili ndo asichelewe mtihani. Shairi liko kwa shoga.

Swali la kwanza siulizi sifa, nauliza jina. Jina la kwenye kadi na jina la nyumbani, na linatamkwaje. Nalihesabu palepale. Kisha nauliza nani alimlea, nani yuko hai na nani ametangulia. Halafu swali ambalo nimelinunua ghali: nani asitajwe? Kuna wazazi walioachana na hawasalimiani. Kuna mke wa pili ambaye amekaa ukumbini uleule. Kuna baba aliyepotelea Uarabuni tangu mtoto ananyonya. Shangazi akisoma jina lisilofaa mbele ya watu mia mbili, huwezi kulirudisha mdomoni.

Nikimaliza kuandika, siwatumii maandishi kwanza. Nalisoma, nairekodi sauti, nawatumia kwa Wasapu. Makosa ya mizani yanasikika kabla hayajaonekana, na mama atasikia jina la mamkwe wake limetamkwa kombo haraka kuliko atakavyoliona kwenye karatasi. Wanarekebisha mara moja, mara mbili ikizidi. Baada ya hapo namwandikia msomaji kwa herufi kubwa, kila kipande kwenye mstari wake, ajue pa kuvuta pumzi. Ubeti mmoja ukisomwa kwa utulivu ni kama nusu dakika, kwa hiyo beti kumi ni dakika tano. Zaidi ya hapo watu wanaanza kuulizana pilau imefika wapi.

Na mwisho, nikishalikabidhi, nalifuta jina la faili "arusi" na kuliandika jina la familia. Ni jambo dogo, lakini faili linaloitwa "arusi" linakuita usiku wa Alhamisi ukiwa na haraka. Lenye jina la watu linakukumbusha kwamba lina wenyewe.

Wapo watakaosema najifanya mtakatifu baada ya kukamatwa. Kukamatwa nilikamatwa, hilo halina mjadala. Lakini fikirieni hili kama hesabu tu, tuachane na dhambi. Malindi na Kilifi ni mwendo wa saa moja hivi kwa matatu. Tunaoana huku na huku. Shangazi wa arusi ya Shella ni mamkubwa wa arusi ya Mnarani, na binti anayebeba sinia la halua leo Takaungu, wiki ijayo anabeba Mambrui. Mnauza shairi moja mara kumi kwenye ukumbi ambao kwa kweli ni ukumbi mmoja, wenye masikio yaleyale. Mnadhani hawajui? Wanajua. Wana heshima tu, wanaogopa kuharibu arusi ya watu, kwa hiyo wanapiga kigelegele na kunong'onezana wakirudi nyumbani. Ndo maana siku hizi mtu akiagiza shairi anasema "niandikie chochote." Sisi ndio tuliomfundisha kwamba ni chochote.

Kwa hiyo, wewe unayeolewa Shawwali hii, au dadako anaolewa: kabla ya kutuma pesa M-Pesa, muulize mtunzi swali moja. "Unataka kujua nini kuhusu yeye?" Akikujibu "nitumie jina tu," kata simu.

Na wewe mtunzi mwenzangu mwenye lile faili, nimeshakaa ulipokaa. Siku ambayo shangazi wa watu atanyamaza katikati ya mstari wako, utatamani ungeuliza tu.